Desibeli 15 zilizopotea kati ya majengo mawili

Swali: Mimi ni fundi wa kompyuta katika shule moja nje kidogo ya mji wa Moshi. Tumeunganisha jengo la utawala na mabweni mapya kwa redio mbili za 802.11n za gigahezi 5.8, umbali wa kilomita 2.4. Kila redio ina dishi la sentimita 40 lenye dBi 23, nguvu nimeiweka 13 dBm, na chaneli ni ya megahezi 40. Nikipanda ngazi hadi penye dishi la utawala naliona bweni waziwazi juu ya miti, lakini redio zote mbili zinaonyesha −71 dBm, na kipimo cha kasi cha redio yenyewe hakizidi megabiti 38 kwa sekunde. Mvua ikinyesha kinashuka hadi 15. Muuzaji anasema tununue madishi makubwa. Je, ni kweli dishi ndilo tatizo? Vimo vya ardhi, milingoti na miti nimeviambatanisha.

Jibu: Ndugu, usinunue kitu bado. Dishi la sentimita 60 likiwekwa mahali pa lile la sentimita 40 huongeza takriban desibeli 3.5, yaani desibeli 7 ukibadilisha pande zote mbili, na hasara uliyo nayo ni zaidi ya maradufu ya hizo. Isitoshe, dishi kubwa lina mwale mwembamba zaidi, kwa hiyo kama tatizo lako ni la kulenga, utakuwa umelipia fedha ili likusumbue zaidi. Tuanze na kujua ni kiasi gani cha nguvu kilichopotea njiani, kisha tukitafute kilipo.

Hesabu ya kwanza haihitaji kupanda paa. Wimbi la gigahezi 5.8 likisafiri kilomita 2.4 katika hewa isiyo na kizuizi hupungua kwa desibeli 115.3, kiasi ambacho hakitegemei aina ya redio wala bei yake, kwa kuwa kinatokana na umbali na masafa tu. Upande unaotuma unaanza na 13 dBm, dishi lake linaongeza 23, hewa inatoa 115.3, na dishi linalopokea linaongeza tena 23:

```
P = 13 + 23 − 115.3 + 23 = −56.3 dBm
```

Kiungo chako kilipaswa kusoma −56 au −57, nawe unasoma −71. Kuna desibeli 15 hivi ambazo hazikufika, na kila desibeli 3 ni nusu ya nguvu, kwa hiyo inayokufikia ni kama sehemu moja tu kati ya thelathini ya ile iliyopaswa kufika. Tofauti ya desibeli moja au mbili kati ya hesabu na usomaji ni ya kawaida, kwa sababu redio si vipimo vya maabara. Tofauti ya 15 ina chanzo, na mara nyingi chanzo si kimoja. Jambo linalotusaidia ni kwamba pande zote mbili zinasoma sawa. Lau upande mmoja tu ungekuwa dhaifu, ningekuambia ukague mpangilio wa nguvu wa redio ya upande wa pili kabla ya kugusa chochote, lakini udhaifu unaolingana kwenda na kurudi unaonyesha kwamba hasara iko njiani au katika ulengaji, ambavyo redio zote mbili zinashiriki.

Sasa tuitazame njia yenyewe. Kwa vipimo ulivyoambatanisha, ardhi ya utawala iko mita 830 juu ya usawa wa bahari na dishi liko mita 9 juu ya ardhi hiyo, kwa hiyo dishi liko kwenye mita 839. Ardhi ya mabweni iko mita 842 na dishi mita 12 juu yake, jumla mita 854. Umbali wa mita 900 kutoka utawala kuna ile safu ya migrevilea, ambapo ardhi iko mita 833 na miti ina mita 11, kwa hiyo vilele vyake viko kwenye mita 844. Mstari ulionyooka kutoka dishi hadi dishi unapanda mita 15 katika mita 2,400, na ukifika penye miti utakuwa kwenye mita 844.6. Unapita sentimita 60 juu ya vilele, na ndiyo maana ukiwa kwenye mlingoti unaliona bweni bila shida yoyote.

Jicho linatumia mwanga, ambao wimbi lake ni fupi mno, kwa hiyo sentimita 60 kwake ni nafasi tele. Wimbi la redio yako lina urefu wa sentimita 5.2, nalo halisafiri kama uzi uliovutwa kati ya madishi. Nguvu inayofika upande wa pili ni jumla ya sehemu za wimbi zilizopita katikati na zile zilizopita pembeni kidogo, juu, chini, kulia na kushoto ya mstari, ambazo njia yake ni ndefu zaidi kwa kiasi kidogo. Maadamu urefu huo wa ziada hauzidi nusu ya wimbi, ambayo kwako ni sentimita 2.6, sehemu hizo huchangia kwa ujumla katika kuipa ishara nguvu. Ukiunganisha nukta zote ambazo njia ya kupitia hapo ni ndefu kwa nusu wimbi kamili, unapata umbo lililochongoka kwenye ncha mbili na kunenepa katikati, na hilo ndilo eneo la kwanza la Fresnel, kwa jina la mwanafizikia Mfaransa Augustin-Jean Fresnel aliyechunguza tabia ya mwanga mwanzoni mwa karne ya 19. Nusu kipenyo chake mahali popote njiani hupatikana hivi, umbali ukiwa kwa kilomita, masafa kwa gigahezi na jibu kwa mita:

```
r = 17.32 × √( d1 × d2 / (f × D) )
r = 17.32 × √( 0.9 × 1.5 / (5.8 × 2.4) ) = 5.4
```

Penye migrevilea yako, basi, eneo hilo linashuka mita 5.4 chini ya mstari. Si lazima liwe wazi lote. Kanuni inayotumiwa na mafundi wa viungo vya redio ni kwamba asilimia 60 ya nusu kipenyo ikiwa wazi, kiungo hufanya kazi karibu sawa na kile kisicho na kizuizi kabisa. Asilimia 60 ya 5.4 ni mita 3.2, nawe una mita 0.6. Umepungukiwa na mita 2.6.

Upungufu huo una bei inayoweza kukadiriwa. Kizuizi chenye ukingo mkali kinachogusa mstari wenyewe, bila kuukata, hula desibeli 6, jambo linalowashangaza wengi kwa sababu kwa macho njia ni nyeupe kabisa. Kwa nafasi yako ya sentimita 60, hesabu hiyo hiyo inatoa karibu desibeli 5. Hapo tumepata theluthi moja ya zilizopotea. Mkunjo wa dunia, ambao watu hupenda kuutaja, katika kilomita 2.4 ni chini ya sentimita 10 na unaweza kuusahau. Huanza kuwa na uzito kwenye njia za makumi ya kilomita.

Miti hiyo pia ndiyo inayoeleza habari ya mvua, na hapa nasisitiza, kwa sababu muuzaji atakuambia kwamba mvua inazuia mawimbi. Kwenye gigahezi 5.8 na umbali wako, mvua ya kawaida haikupunguzii hata desibeli moja, na ile kubwa mno ya milimita 100 kwa saa haifikishi 3. Kasi haishuki kutoka 38 hadi 15 kwa hasara hiyo. Kinachobadilika ni majani: yakilowa yanameza na kutawanya nguvu nyingi zaidi, matawi yanainama kwa uzito wa maji, na upepo unayaingiza na kuyatoa ndani ya eneo la Fresnel. Kuna mshukiwa wa pili, naye ni maji yaliyoingia kwenye kiungio cha kebo ya antena. Kuwatofautisha si kazi ngumu. Majani yakiwa ndiyo sababu, usomaji huyumba na upepo na hurudi juu ndani ya saa chache jua likiwaka. Maji yakiwa ndani ya kiungio, usomaji hubaki chini kwa siku kadhaa baada ya mvua, na mara nyingi huangusha mkondo mmoja tu kati ya miwili, kwa hiyo utaona `Chain 0` na `Chain 1` zikiachana kwa desibeli 5 au zaidi. Tazama nambari hizo mbili mvua ijayo kabla ya kufungua kebo yoyote.

Dawa ya miti ni kuinua mstari, na hapa lipo kosa la gharama ambalo ni rahisi kulikwepa. Ukiinua dishi la utawala kwa mita moja, mstari penye miti hupanda kwa mita 0.625, kwa sababu miti iko karibu zaidi na utawala: mita 1,500 kati ya 2,400 ziko mbele yake. Ukiinua la mabweni kwa mita hiyo hiyo moja, mstari penye miti hupanda kwa mita 0.375 tu. Kuzipata mita 2.6 zilizopungua kunahitaji mita 4.2 upande wa utawala, au mita 7 upande wa mabweni. Kanuni inayotoka hapo ni kwamba unainua upande ulio karibu na kizuizi, ingawa mara nyingi upande wenye ghorofa ndio unaovutia kwa kuwa ngazi zake zipo tayari. Ningekushauri upeleke dishi la utawala kutoka mita 9 hadi 14. Mita 5 hizo zitakupa mita 3.1 penye miti, na nafasi yote itakuwa mita 3.7, nusu mita zaidi ya inayohitajika.

Nusu mita hiyo, nakiri, si akiba kubwa kwa mgrevilea, mti unaopandwa kwa sababu hiyo hiyo ya kukua upesi. Kama mwenye shamba ni mtu wa kuelewana naye, kupunguza vilele vya miti michache iliyo kwenye mstari ni nafuu kuliko mlingoti mrefu, lakini patana naye kuhusu kupogoa kila mwaka, siyo mara moja. Angalia pia kama kona nyingine ya paa la utawala inapitisha mstari mahali ambapo safu ya miti ina pengo, ukikumbuka kwamba pengo linahitaji upana pia: eneo la Fresnel ni la mviringo, na mita 3.2 zile unazihitaji kulia na kushoto kama unavyozihitaji chini. Mlingoti wa mita 14 ufungwe waya za kuushikilia pande tatu katika vimo viwili na uunganishwe na waya wa ardhini, kwa sababu mlingoti unaoyumba kwa upepo utakurudishia kwenye ulengaji kile ulichopata kwa kimo.

Tumeshatoa hesabu ya desibeli 5. Zilizobaki 10 nadhani ziko katika ulengaji, na nina sababu. Dishi la sentimita 40 kwenye masafa haya lina mwale mkuu wenye upana wa nyuzi 9 hivi kati ya pointi ambazo nguvu imeshuka kwa nusu. Likipotoka nyuzi 6 kutoka katikati linapoteza takriban desibeli 5, na madishi mawili yakipotoka hivyo yanapoteza 10, huku kiungo kikiendelea kufanya kazi na taa zote zikiwaka kijani. Nyuzi 6 ni kosa la kawaida kabisa kwa anayelenga kwa dira akiwa juu ya paa la bati, kwani bati la chuma na mlingoti wenyewe huivuta sindano. Acha dira chini. Chora mstari kati ya majengo mawili kwenye picha ya setilaiti, tafuta kitu kikubwa ambacho mstari huo unakigusa karibu na upande wa pili, kwa mfano tangi la maji au mnara wa kanisa, kisha elekeza dishi kwenye kitu hicho.

Kabla ya kulenga, hakikisha kwa timazi au pima maji kwamba mlingoti umesimama wima, maana mlingoti uliolala kidogo hubadilisha pembe ya juu na chini kila unapozungusha dishi kulia au kushoto, nawe utakuwa ukifukuza kivuli. Katika mpangilio wa redio, funga chaneli moja, zima marekebisho ya nguvu ya kiotomatiki, na weka chaneli ya megahezi 20 kwa muda wa kazi hiyo ili kiungo kisikatike dishi likiwa nje ya shabaha. Muwe watu wawili, mmoja kila upande, wenye simu, na patana kabisa kwamba dishi moja tu husogezwa kwa wakati mmoja. Wawili wakisogeza pamoja, hakuna atakayejua nambari imebadilika kwa kazi ya nani.

Anza na mlalo. Zungusha dishi polepole kutoka nyuzi 25 kushoto ya shabaha hadi nyuzi 25 kulia, ukisimama sekunde tatu au nne kila hatua, kwa kuwa nambari iliyo kwenye skrini ni wastani na huchelewa nyuma ya mkono. Usikatishe safari hiyo hata ukikutana na nambari nzuri mapema. Kando ya mwale mkuu, kila dishi lina miale midogo ya pembeni, na katika dishi kama lako wa kwanza uko karibu nyuzi 12 hadi 15 kutoka katikati, ukiwa dhaifu kwa desibeli 15 hadi 20 hivi. Mtu akiukuta huo kwanza ataona nambari ikipanda, ikifika kilele, kisha ikishuka pande zote mbili, ataamini amefika na atakaza boliti. Aliyezungusha hadi mwisho ataona vilima vitatu, kidogo, kikubwa, kidogo, na atajua kipi ni kipi.

Ukishakiona kilima kikubwa, usitafute kilele chake kwa macho, kwa sababu juu pake ni tambarare: nyuzi moja huku au huko haibadilishi hata desibeli moja. Tafuta kingo zake. Sogeza dishi kushoto hadi ishara ipungue kwa desibeli 6 kutoka kwenye kilele na uweke alama ya kalamu juu ya mlingoti, rudi kulia hadi ipungue tena kwa 6 na uweke alama ya pili, kisha lisimamishe dishi katikati kabisa ya alama hizo mbili. Kwenye kingo ishara hubadilika upesi kwa kila kisogezo kidogo, kwa hiyo alama zako ni sahihi kuliko kilele chochote utakachokisia. Fanya hivyo hivyo kwa pembe ya juu na chini. Kwenu tofauti ya vimo itakuwa mita 10 katika kilomita 2.4, ambayo ni robo ya nyuzi, kwa hiyo mwale unapaswa kuwa karibu usawa na ardhi. Dishi likionekana kutaka kutazama juu ili lipate ishara, huenda linalenga mwale wa pembeni au miti bado inaingilia. Kisha upande wa pili ufanye kazi hiyo hiyo, na baada yake urudi upande wa kwanza kwa marekebisho madogo.

Kukaza boliti ni sehemu ya ulengaji. Dishi huhama linapokazwa, hasa boliti moja ikikazwa hadi mwisho kabla ya nyingine, kwa hiyo zikaze kwa zamu, kidogo kidogo, mtu akisoma nambari kwa sauti muda wote. Mwishoni tazama `Chain 0` na `Chain 1`: zikiwa na tofauti isiyozidi desibeli 3, hamna neno. Zikiachana zaidi wakati kumekauka, angalia kama dishi moja limepinda kwenye mhimili wake, maana mawimbi ya wima na ya mlalo ya dishi moja lazima yawiane na ya lingine. Kwa jumla, mlingoti ukiinuliwa na ulengaji ukikamilika, ningetarajia usomaji kati ya −56 na −59 pande zote mbili. Kama umefika −62 na haupandi tena, kuna kitu kingine njiani au kiungio kimoja kina hitilafu, na hupaswi kuridhika. Usijaribu kufidia kwa kuongeza nguvu ya redio: 13 na 23 ni 36 dBm zinazotoka kwenye dishi, na kabla ya kupita hapo soma masharti ya TCRA ya masafa yasiyo na leseni.

Sasa kasi. Hapa kuna jambo ambalo desibeli peke yake hazilielezi. Kelele ya kawaida kwa chaneli ya megahezi 40 ni kama −92 dBm, kwa hiyo hata −71 yako iko desibeli 21 juu ya kelele, na redio za mikondo miwili zenye nafasi hiyo zingepaswa kupitisha megabiti 60 au zaidi. Unapata 38. Nashuku mambo mawili. La kwanza ni mpangilio wa `Distance`. Katika redio zinazofuata utaratibu wa kawaida wa Wi-Fi, kila fungu la data likifika, redio iliyolipokea hurudisha taarifa fupi ya kupokea, na iliyotuma huingoja kwa muda uliopangwa kulingana na umbali. Kwa kilomita 2.4, wimbi linatumia maikrosekunde 8 kwenda na 8 kurudi. Ukikuta umbali umeandikwa kilomita 1, redio inakata tamaa kabla taarifa haijafika, inatuma tena kitu ambacho kilishapokelewa, na kasi inaporomoka huku ishara ikionekana nzuri. Andika 2.6 au 2.7, kuzidisha kidogo hakudhuru, kuzidisha mno kunapoteza muda wa kungoja.

La pili ni kipimo chenyewe. Kipimo kilicho ndani ya redio kinatumia bongo lile lile dogo la redio kutengeneza data na wakati huo huo kuirusha, kwa hiyo mara nyingi kinapima uchovu wa redio. Pima kwa kompyuta mbili zilizo nyuma ya redio, kila moja ikiwa kwenye kebo, kwa programu ya iperf3. Kwanza ziunganishe hizo kompyuta kwa kebo moja, bila redio, upate kasi yake; zisipofika 94 kwenye mlango wa megabiti 100, au karibu 940 kwenye mlango wa gigabiti, tengeneza hilo kwanza. Kisha ipeleke moja mabwenini iendeshe:

```
iperf3 -s
```

na ile ya utawala iendeshe hizi, anwani ikiwa ya kompyuta ya mabweni:

```
iperf3 -c 192.168.20.10 -t 60 -P 4
iperf3 -c 192.168.20.10 -t 60 -P 4 -R
iperf3 -c 192.168.20.10 -u -b 60M -t 60
```

Amri ya kwanza inapima kwenda na ya pili kurudi, kwa mikondo minne na dakika nzima, kwa sababu sekunde kumi hazitoshi kuonyesha kuyumba. Mwelekeo mmoja ukiwa mbovu sana kuliko mwingine ilhali ishara ni sawa, kuna mtambo mwingine unaoingilia karibu na upande unaopokea vibaya. Linganisha `Noise Floor` za redio mbili, na ujaribu chaneli nyingine au urudi kwenye megahezi 20, ambako kelele hupungua kwa desibeli 3 na majirani wa kugongana nao hupungua pia. Megahezi 20 safi mara nyingi hushinda 40 zenye msongamano. Amri ya tatu inasukuma megabiti 60 bila kungoja majibu na kukuonyesha asilimia ya pakiti zilizopotea. Usisahau `-b`, kwa sababu bila hiyo iperf3 hutuma megabiti 1 tu katika hali ya UDP, na wako waliowahi kulaumu redio zao kwa nambari hiyo.

Wakati amri ya kwanza ikiendelea, fungua dirisha la pili na utume `ping` kwenda upande wa pili. Kiungo kizima kisicho na mzigo hujibu kwa milisekunde chache. Chini ya mzigo muda huo utapanda, lakini ukifika mamia na kurukaruka, wanafunzi watalalamika hata kama megabiti zinapendeza. Rudia vipimo hivyo jioni, wakati watoa huduma wa jirani wana wateja wengi hewani, na mara moja wakati mvua inanyesha. Andika kila mara ishara ya pande zote, kelele, na kasi ya kwenda na kurudi, ili masika ijayo uwe na cha kulinganisha migrevilea ikirefuka.

Jambo la mwisho linahusu matarajio. Baada ya kazi yote hii kasi inaweza kupanda na kugota kwenye 94 bila kuzidi hata kidogo, iwe mchana au usiku. Ukiona hivyo usipande tena mlingotini, kwa sababu 94 ndiyo kasi ya juu inayobaki kwa data ya TCP kwenye mlango wa Ethaneti wa megabiti 100, na redio nyingi za 802.11n zina mlango huo. Hapo tu ndipo ununuzi unapokuwa na maana, na kitu cha kununua ni redio mbili zenye milango ya gigabiti, huku madishi, kama redio mpya zinakubali kufungwa nayo, yakibaki yale yale.